Daftari, orodha ya WhatsApp au jedwali la Google: lipi lishike hesabu za kamati ya harusi au msiba?

Katika kikao kimoja cha kamati ya harusi, mwenyekiti anaweza kusema wana milioni 16, mhazini akasema wana milioni tatu na ushee, na wote wawili wakawa sahihi. Wa kwanza anasoma ahadi, wa pili anasoma salio la simu. Mchangiaji aliyeketi nyuma, aliyetoa laki mbili zake wiki iliyopita, anachosikia ni kwamba milioni 13 hazijulikani zilipo. Hapo ndipo minong'ono inapoanzia, na mara nyingi hakuna hata shilingi iliyopotea.

Swali la chombo gani kishike hesabu ni swali la chombo kipi kinaweza kuonyesha namba hizo mbili kwa pamoja, pamoja na matumizi, bila kuzichanganya. Kwa kamati za Tanzania chaguo halisi ni tatu: daftari la mhazini, orodha inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp, na jedwali la Google Sheets ambalo wachangiaji wanapewa linki ya kusoma tu. Tutazilinganisha kwa mfano mmoja wa harusi. Msiba una mwendo wake, nao tutaufikia baadaye.

Mfano wenyewe

Bajeti iliyopitishwa ni shilingi 15,000,000. Watu 86 wameahidi jumla ya 16,350,000. Zimebaki wiki tatu kabla ya harusi, na zilizokwisha kuingia ni 9,480,000. Kamati imeshakubaliana na wenye ukumbi, mpishi, mpambaji, mpiga picha na wengine kwa jumla ya 13,700,000, na imewalipa kianzio cha 6,100,000. Makato ya kutoa na kutuma pesa yamefika 50,000. Kwa hiyo matumizi ni 6,150,000 na salio ni 3,330,000.

Ukiishia kwenye salio utasema mambo si mabaya. Lakini watoa huduma bado wanadai 7,600,000, na wengi wao hawafungui mlango siku yenyewe bila kumaliziwa. Ukitoa salio, pengo la mikataba peke yake ni 4,270,000. Ongeza mambo ambayo hayajawekewa mkataba, 1,250,000, na pesa ambayo lazima iingie ndani ya wiki tatu ni 5,520,000.

Ahadi zilizobaki ni ngapi? Wengi watatoa 9,480,000 kwenye 16,350,000 na kupata 6,870,000. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu miongoni mwa waliolipa wapo ambao hawakuahidi kabisa, na wapo walioahidi laki moja wakatoa laki moja na nusu. Tuseme ziada hiyo ni 620,000. Ahadi ambazo kweli hazijalipwa zinakuwa 7,490,000, maana aliyezidisha hakumlipia mwenzake ambaye bado. Kamati ikijua hivyo, inajua kwamba katika kila shilingi 100 ya ahadi iliyobaki lazima ziingie kama 74. Hiyo ni namba ya kufanyia uamuzi: kama kwa uzoefu wenu wiki za mwisho huleta nusu tu ya kilichobaki, punguzeni vinywaji au idadi ya wageni leo, wakati mpishi bado anakubali kubadilishiwa idadi.

Sasa chukua namba hizo uziulize kila chombo.

Orodha ya WhatsApp

Nguvu yake inajulikana. Kila mtu yuko kwenye kundi tayari, kifurushi cha WhatsApp kinatosha, na anayeona jina la shemeji yake lina alama ya ✅ anakumbuka kulipa lake. Hakuna chombo kingine kinachosukuma watu kiasi hicho, na kamati ikiiacha kabisa, makusanyo hupungua.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na namna inavyojazwa. Mtu ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anaituma upya. Watu wawili wakinakili toleo lile lile ndani ya dakika mbili, kila mmoja anatuma orodha isiyo na mwenzake. Wa tatu ananakili ile ya chini kabisa, na jina moja limepotea bila mtu kulifuta. Dalili yake ni rahisi kuiona: namba ya mwisho imebaki 47 ingawa watu wawili wameongezwa, au jumla ya chini hailingani na majina yaliyo juu yake. Aliyefutika hujigundua baada ya siku kadhaa, na tayari anaamini kuna anayemchezea.

Udhaifu wa pili ni ile ✅ yenyewe. Inasema "amelipa" lakini haisemi kiasi gani, lini, wala kwa njia gani. Mtu aliyeahidi 200,000 akatoa 80,000 utamwandikaje? Wengine huandika "200,000 (80,000 ✅)", wengine hubadilisha ahadi yenyewe iwe 120,000 kuonyesha kilichobaki, na kuanzia hapo jumla ya ahadi imeharibika kimya kimya. Malipo ya mafungu ndiyo ya kawaida kwenye harusi ya miezi mitatu, kwa hiyo kasoro hii haikwepeki.

Tena ujumbe wa WhatsApp unaruhusu kuhaririwa kwa dakika 15 tu. Baada ya hapo kila sahihisho ni ujumbe mpya, na ule wenye kosa unabaki juu yake. Miezi miwili baadaye kundi lina matoleo mengi ya orodha moja, na anayetaka kubishana atapata toleo la kumuunga mkono.

Matumizi ndiyo hayamo kabisa. Unaweza kuyaandika kwenye ujumbe mwingine, lakini hakuna kinachoyafunga na makusanyo. Ukiuliza orodha ya mfano wetu "salio ni ngapi na liko wapi?", haina jibu. Swali la ahadi zilizobaki mtu kwa mtu italijibu ukikaa na kalamu, mradi mafungu hayajachanganywa.

Mkiamua kuitumia, wekeni sharti moja linaloondoa nusu ya matatizo: katibu peke yake ndiye anayetuma orodha. Wengine wanaandika "Naahidi 100,000" au "Nimetuma 50,000" na kuishia hapo. Orodha itoke kwa saa maalumu, mathalani kila Jumatano na Jumamosi saa mbili usiku, ikiwa na kichwa chenye namba ya toleo. Mbele ya kila jina ziwe namba tatu: ahadi, amelipa, bado. Achaneni na alama. Kisha toleo jipya libandikwe juu ya kundi ili asiyefuatilia mazungumzo asiokote la zamani.

Daftari

Daftari halina kelele na halihitaji mtandao, na mzee asiye na simu janja analiamini kwa sababu ameona jina lake likiandikwa. Likishikwa vizuri linafanya kazi nzuri kuliko orodha ya WhatsApp, kwani kila malipo yana mstari wake na tarehe yake.

Kulishika vizuri maana yake ni kurasa mbili tofauti. Upande mmoja wa ahadi, kila mchangiaji na namba yake. Upande mwingine wa malipo kwa mpangilio wa siku yalivyoingia, kila mstari ukiwa na tarehe, namba ya mchangiaji, kiasi, njia na kumbukumbu ya muamala. Mwisho wa kila ukurasa iandikwe jumla, na ukurasa unaofuata uanze na jumla hiyo iliyoletwa mbele. Matumizi yawe nyuma ya daftari, kila mstari na risiti yake yenye namba ile ile. Keshi ikipokelewa mkononi, aliyetoa apewe stakabadhi na nakala ibaki kitabuni.

Shida yake inaonekana pale unapohitaji jibu la mtu kwa mtu. Ili ujue kila mmoja wa watu 86 bado anadaiwa kiasi gani, lazima upitie malipo yote ukihamishia kwenye ukurasa wa ahadi. Hiyo ni kazi ya jioni nzima na inaanza kuchakaa siku inayofuata. Na daftari ni moja. Anayelishika akisafiri, kamati haina hesabu. Likilowa au likisahaulika kwenye daladala, hakuna nakala. Dawa ni kupiga picha kila ukurasa unapojaa na kuituma kwenye kundi la kamati siku hiyo hiyo.

Kuhusu uwazi, daftari liko wazi kwa aliyepo kikaoni tu. Mchangiaji aliye Mwanza ilhali vikao viko Dar es Salaam anasubiri kuambiwa.

Jedwali la Google Sheets

Hapa mfano wetu unajibiwa wote, lakini tu kama jedwali limejengwa kwa kutenganisha mambo. Kosa linaloua majedwali mengi ya kamati ni kuhamishia orodha ya WhatsApp kama ilivyo: jina, ahadi, amelipa, na mhazini anaongeza kiasi juu ya kiasi kwenye kisanduku kile kile. Mtu akisema "mimi nilituma mara tatu" hakuna kumbukumbu ya mara hizo tatu.

Tengenezeni karatasi nne ndani ya faili moja. *Ahadi* ina safu za namba, jina, ahadi, amelipa, bado. *Malipo* ina tarehe, namba ya mchangiaji, kiasi, njia, kumbukumbu ya muamala, na jina lililokuja kwenye ujumbe wa simu. *Matumizi* ina tarehe, kifungu cha bajeti, aliyelipwa, kiasi, na namba ya risiti. *Muhtasari* haina cha kuandika kwa mkono isipokuwa bajeti, jumla za mikataba na pesa iliyohesabiwa kwenye simu, benki na mkononi. Safu ya "amelipa" na ya "bado" zijihesabu zenyewe:

```
Ahadi!D2   =SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!B:B,A2)
Ahadi!E2   =MAX(0,C2-D2)
```

Fomula ikikataa, jaribuni nukta mkato badala ya mkato. Inategemea mpangilio wa nchi uliochaguliwa kwenye faili. Hiyo `MAX` ndiyo inayomzuia aliyezidisha asifiche deni la mwenzake, kwa hiyo jumla ya safu ya E katika mfano wetu itatoa 7,490,000 badala ya 6,870,000. Anayelipa bila kuahidi apewe namba na ahadi ya 0. Jumla zote zikae kwenye *Muhtasari*. Mkiweka mstari wa "Jumla" chini ya *Ahadi*, fomula zinazosoma safu nzima zitahesabu mara mbili.

Kisha wekeni kisanduku kimoja cha ukaguzi:

```
=SUM(Malipo!C:C)-SUM(Ahadi!D:D)
```

Kinatakiwa kisome 0 muda wote. Kikisoma 50,000, ipo 50,000 iliyoandikiwa namba ya mchangiaji ambayo haipo. Kisanduku hiki kimoja kina faida kuliko rangi na mapambo yote ambayo watu hupenda kuweka.

Yapo makosa ambayo jedwali halitayasema lenyewe. La kwanza ni kuandika kiasi kama tulivyozoea, "100,000/=". Jedwali linayaona hayo kuwa maneno, halijumlishi, na wala halilalamiki. Utayatambua kwa macho: namba halisi hukaa kulia mwa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Andikeni 100000 na muache mpangilio uweke mikato. La pili ni kupanga majina kwa alfabeti kwa kuchagua safu ya majina peke yake. Majina yanahama, pesa zinabaki, na kila mtu sasa ana ahadi ya mtu mwingine. Likitokea, msijaribu kurekebisha kwa kumbukumbu. Fungueni `File`, `Version history`, `See version history`, mrudishe toleo la kabla.

La tatu ni muamala mmoja kuandikwa mara mbili, kwa sababu mchangiaji ametuma picha ya ujumbe kwenye kundi na mhazini ameupata pia kwenye simu yake. Kumbukumbu ya muamala haijirudii kati ya malipo mawili, kwa hiyo ikionekana mara mbili kwenye safu yake, mstari mmoja ni wa ziada. Kamwe msiandike malipo kwa picha iliyotumwa kundini. Andikeni kwa ujumbe ulioingia kwenye simu ya kupokelea, maana kuna picha za zamani na kuna miamala iliyorudishwa.

Safu ya jina lililokuja kwenye ujumbe inaonekana ya ziada mpaka siku mnapoihitaji. Mtu anaahidi kwa jina analojulikana mtaani, anatuma kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mke wake, au anamtuma mtoto kwa wakala. Bila safu hiyo pesa inaingia na haina mwenyewe. Malipo ya namna hiyo yaandikwe mara moja chini ya namba maalumu, tuseme 999, yenye jina "Haijatambuliwa", kisha yahamishwe mwenyewe akijitokeza. Yasisubiri nje ya jedwali, kwani salio halitalingana.

Na kuna mtu wa kulishika. Wahariri wawe wawili tu, mhazini na katibu, kila mmoja kwa akaunti yake mwenyewe, ili historia ionyeshe nani alibadilisha nini. Kama kwenye kamati hakuna hata mmoja anayefanya kazi na majedwali bila wasiwasi, chagueni daftari. Jedwali lenye fomula zilizovunjika linaaminiwa kwa sababu linapendeza, na hiyo ni hatari kuliko daftari lenye mikwaruzo.

Vikiwekwa pamoja

| | Orodha ya WhatsApp | Daftari | Jedwali la Google |
|---|---|---|---|
| Malipo ya mafungu | Yanachanganyika haraka | Sawa, kila fungu mstari wake | Sawa, yanajumlishwa yenyewe |
| Nani bado, kiasi gani | Kwa kalamu, kama mafungu hayajachanganywa | Jioni nzima ya kazi | Papo hapo |
| Salio na matumizi | Haina | Lina, kwa kujumlisha kwa mkono | Lina |
| Mchangiaji wa mbali anaona | Ndiyo, toleo lolote | Hapana | Ndiyo, la sasa |
| Kusukuma watu walipe | Nzuri sana | Haina nguvu | Kidogo |
| Asiye na simu janja | Nje | Ndani | Nje |

Akaunti ya benki yenye watia saini wawili, lipa namba, au pochi ya kikundi kama M-Koba ya Vodacom si mshindani wa hivi vitatu. Hizo zinatunza pesa na kutoa taarifa ya kilichoingia na kutoka. Hazijui nani aliahidi nini, wala kwamba 800,000 iliyotoka ilikuwa ya mapambo. Ni vizuri kuwa nazo, hasa kwa harusi kubwa, na taarifa yao ndiyo mnayolinganisha na hesabu zenu.

Kulinganisha salio, chombo chochote mtakachochagua

Kabla ya kusoma orodha kikaoni, mhazini ataje pesa iliyopo sehemu tatu: kwenye simu, benki, na keshi mkononi. Jumla yake ilingane na makusanyo kutoa matumizi. Katika mfano wetu, kwenye simu kuna 1,905,000, benki 1,150,000 na keshi 230,000. Jumla ni 3,285,000, wakati hesabu inadai 3,330,000. Zinapungua 45,000.

Tofauti ndogo ya namna hiyo karibu kila mara inatoka sehemu chache zinazojulikana. Makato ndiyo ya kwanza kuangalia: mchangiaji alituma 100,000, kamati ikaandika 100,000, kisha ikaitoa kwa wakala na gharama ya kutoa haikuandikwa popote. Kanuni nzuri ni kuandika kiasi kamili kilichoingia, na makato kuyaandika kwenye matumizi kama kifungu chake. Mchangiaji aliyetoa laki moja asisomeke ametoa 97,000.

Sehemu ya pili ni mjumbe aliyelipa kwa mfuko wake. Alinunua kadi za mwaliko kwa 60,000, risiti ikaletwa, matumizi yakaandikwa, lakini pesa haikutoka kwa kamati. Hapo salio linazidi badala ya kupungua. Amueni moja: arudishiwe, au 60,000 iandikwe kwenye malipo kuwa mchango wake. Vivyo hivyo kwa anayetoa kitu, kama vile keki au gari la maharusi. Thamani yake iandikwe pande zote mbili, malipo na matumizi, au isiandikwe popote ila kwa maelezo. Ikiandikwa upande mmoja, hesabu haitafunga mpaka siku ya kuvunja kamati.

Ya tatu ni keshi iliyopokelewa na mjumbe mwingine ambayo haijamfikia mhazini. Jina limetangazwa kikaoni, limeandikwa, pesa iko kwa mtu. Ukiona keshi ndiyo isiyolingana huku simu na benki ziko sawa, anzieni hapo.

Katika pengo letu la 45,000, mhazini anafungua taarifa ya simu na kukuta amemtumia mpambaji 700,000 za kianzio, gharama ya kutuma haikuandikwa. Kisha kuna usafiri wa kwenda kukagua ukumbi uliolipwa keshi bila risiti. Yote mawili yanaandikwa siku hiyo, *Matumizi* inakuwa 6,195,000, na hesabu inafunga. Likiachwa mpaka kikao kijacho litaungana na jingine, na hakuna atakayekumbuka.

Wachangiaji waone nini

Uwazi haumaanishi kila kitu kwa kila mtu. Namba za simu hazina kazi kwenye linki ya wachangiaji. Majina na kiasi walicholipa, kila kifungu cha matumizi, salio na madeni ya watoa huduma, hayo yote yaonekane. Kwa safu ya "bado" maoni yanagawanyika. Orodha ya WhatsApp haiwezi kuificha, lakini kwenye jedwali sisi tunaona ibaki kwa kamati. Mtu aliyepata msiba au aliyepoteza kazi katikati ya miezi hiyo mitatu haimfai kusomwa na watu 86. Jumla ya ahadi ambazo hazijalipwa inatosha kuwaamsha wengine, na kufuatilia mmoja mmoja kufanywe kwa simu.

Kuficha karatasi ndani ya faili hilo hilo hakulindi chochote, kwani mwenye linki ya kusoma anaweza kujitengenezea nakala na kuifichua. Kwenye faili la kazi ongezeni karatasi ya tano, *Wazi*, yenye yale ya kuonekana tu, kisha tengenezeni faili la pili, tupu, linalovuta karatasi hiyo peke yake:

```
=IMPORTRANGE("linki ya faili la kazi","Wazi!A1:E200")
```

Mara ya kwanza litaomba ruhusa, bonyezeni `Allow access`. Faili hili la pili ndilo mnaloligawa kwa `Anyone with the link` na `Viewer`. Msomaji hahitaji akaunti kulifungua. Angalieni neno hilo la mwisho vizuri, kwa sababu likisomeka `Editor`, yeyote kwenye kundi anaweza kufuta mstari kwa kidole bila kukusudia.

Na linki peke yake haisomwi sana. Kila wiki katibu aweke kundini mistari mitano: ahadi, zilizoingia, zilizotumika, salio, na kinachodaiwa na watoa huduma, kisha linki chini yake kwa anayetaka kuona undani. Kwa asiye na simu janja, mistari hiyo mitano inaenda kwa ujumbe wa kawaida.

Msiba

Msiba hauna wiki tatu. Mara nyingi kila kitu kinakamilika ndani ya siku mbili hadi nne, ahadi ni chache, keshi ni nyingi, na matumizi yanatangulia makusanyo: jeneza au sanda, turubai na viti, chakula cha waombolezaji, usafiri wa mwili ikiwa mazishi ni mkoani. Kujenga jedwali siku hiyo ni kupoteza muda wa mtu anayehitajika kwingine. Daftari ndilo lishinde, likishikwa na wawili: mmoja anaandika, mwingine anahesabu na kushika pesa. Wasibadilishane kazi katikati. Wakipokezana na wengine usiku, pigeni mstari chini ya ukurasa, hesabuni keshi, andikeni jumla, wote wanne watie saini.

Jambo linaloleta ugomvi zaidi msibani ni rambirambi alizopewa mfiwa mkononi. Semeni mapema kwamba hizo ni zake na haziingii daftarini, isipokuwa akizileta mwenyewe. Vinginevyo mtu atatangaza kwamba alitoa laki tano, na daftari halina laki tano.

Pesa ya simu ipokelewe kwenye laini moja iliyotangazwa, na jioni ya kila siku miamala ihamishiwe daftarini mstari kwa mstari pamoja na kumbukumbu zake. Ahadi za msibani, "nitatuma mwisho wa mwezi", ziandikwe ukurasa wake na zisihesabiwe kwenye bajeti ya kusafirisha mwili hata kidogo. Mwenye gari hasubiri mwisho wa mwezi. Baada ya mazishi somweni jumla mbele ya ndugu. Kwa mfano, zimeingia 4,260,000, zimetumika 3,715,000, na salio la 545,000 linakabidhiwa kwa aliyeteuliwa na familia kwa saini, picha ya ukurasa ikienda kwenye kundi.

Basi mchague nini

Harusi yenye wachangiaji wasiozidi 40, laini moja ya kupokelea na muda wa mwezi mmoja, orodha ya WhatsApp inayotumwa na katibu peke yake inatosha, na daftari dogo la matumizi pembeni. Wachangiaji wakizidi hapo, au malipo yakija kwa mafungu, au pesa ikikaa sehemu zaidi ya moja, nendeni kwenye jedwali tangu kikao cha kwanza. Kuhamia katikati kunamaanisha kuingiza upya kila muamala wa nyuma, na kamati nyingi huishia kuweka "jumla hadi leo" kwenye mstari mmoja, hivyo kupoteza ule ushahidi waliokuwa wanautafuta. WhatsApp ibaki kuwa mahali pa kutangazia, na kitabu cha stakabadhi kibaki kwa wanaotoa keshi.

Siku ya kuvunja kamati faili la wachangiaji lipakuliwe kama PDF na kuwekwa kundini, na haki ya kuhariri faili la kazi iondolewe kwa wote isipokuwa mhazini. *Malipo* isifungwe kabisa, kwa sababu ahadi huendelea kuingia hata baada ya harusi, na kama kuna mtoa huduma anayedai, pesa hizo ni zake kwanza.